Namna ya Kuandika Mwaliko wa Sherehe ya Kushtukiza: Saa ya Kufika, Siri na Saa ya Kufunga

Mwaliko wa sherehe ya kushtukiza hutofautiana na mwaliko wa harusi au wa ubatizo kwa jambo moja kubwa: mgeni anayechelewa harusini hujikosesha mwenyewe, lakini mgeni anayechelewa hapa anaweza kukutana na mwenye sherehe langoni, akiwa na zawadi mkononi, na kazi ya wiki mbili ikaishia hapo. Niliona hivyo kwa macho yangu miaka michache iliyopita nyumbani kwa binamu yangu mmoja, ambapo mwaliko ulisema wageni wafike saa 11 na kwamba mwenye sherehe angeingia saa 12. Karibu theluthi moja ya watu walisoma saa ya pili tu, wakajipanga kuiwahi, na wanne kati yao wakashuka kwenye boda mbele ya lango wakati gari lake likipiga kona.

Kwa hiyo, nilipopewa kazi ya kumwandalia shangazi yetu sherehe ya kutimiza miaka 60, nyumbani kwake Bweyogerere, niliupa mwaliko wenyewe muda mwingi kuliko chakula na viti. Ninaeleza hapa hatua nilizofuata, pamoja na maneno yenyewe, ili anayetaka ayachukue na kubadilisha siku na mahali.

Hatua ya kwanza: panga saa kwa kurudi nyuma

Usianze na saa ya wageni. Anza na saa ambayo mwenye sherehe ataingia ndani, kisha rudi nyuma. Sisi tulichagua saa 11:45 jioni kwa sababu ya mwanga. Kampala na vitongoji vyake, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 karibu mwaka mzima, na mtu anayeingia nyumbani kwake kabla ya hapo haoni ajabu kukuta taa hazijawashwa. Akifika gizani, nyumba ikiwa kimya bila taa hata moja, kwanza atafikiri umeme umekatika, na pili atafikiri wezi. Mtu wa miaka 60 hafai kutishwa namna hiyo, na mara nyingi atasimama nje na kuanza kumpigia simu mtu ambaye amejificha nyuma ya pazia.

Kutoka saa 11:45, rudi nyuma nusu saa. Hiyo ni nusu saa ya utulivu, ambapo lango limefungwa, hakuna anayeingia wala kutoka, viatu vimeondolewa mlangoni na watoto wameketishwa. Kwa hiyo lango letu lilifungwa saa 11:15. Rudi nyuma tena dakika 45, kwa ajili ya wale ambao kwa kweli watachelewa, na hapo utapata saa ya kuandika kwenye mwaliko: saa 10:30 jioni.

Wengine hushauri kuwadanganya wageni kwa saa mbili au tatu nzima, kwa kuwa tunajuana. Sikubaliani nao. Mgeni aliyefika kwa wakati akiketi saa tatu bila chakula ataanza kuzungumza kwa sauti, atatoka uani kupiga simu, na safari ijayo hataamini saa yoyote utakayomwandikia. Saa moja na robo kati ya saa ya mwaliko na saa ya kuingia inatosha kumeza ucheleweshaji wa kawaida, na bado mtu aliyewahi hajadharauliwa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ndilo lililomponza binamu yangu: saa ya kuingia kwa mwenye sherehe isiandikwe kabisa kwenye mwaliko. Mtu akipewa saa mbili huchagua iliyo mbele. Kwetu sisi, saa 11:45 ilijulikana na watu watatu tu, yaani mimi, aliyekuwa akimsindikiza shangazi, na kijana aliyesimama langoni.

Hatua ya pili: iandike saa ili isomeke kwa namna moja tu

Hapa Uganda tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, na Luganda nacho hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ukimwambia mtu kwa mdomo kwamba aje saa kumi na nusu jioni hatakosea. Lakini tarakimu zikiandikwa kwenye simu, mtu yuleyule huzisoma kwa hesabu ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo simu yake inavyomwonyesha. Ukimwandikia "saa 10:30", wapo watakaofika asubuhi wakati unapanga viti, na wapo watakaodhani ni usiku wakati wewe umekwisha kufunga.

Dawa yake ni kuandika kwa namna zote mbili ndani ya sentensi moja: saa kumi na nusu jioni, yaani 16:30 kwa saa ya simu. Saa ya Kiswahili andika kwa maneno, na saa ya simu andika kwa tarakimu za saa 24, ambazo hazina asubuhi wala jioni ya kuchanganya. Fanya hivyo hivyo kwa saa ya kufunga. Unaweza kuhakiki kwa haraka: kati ya namna hizo mbili kuna tofauti ya saa sita, hivyo saa 10:30 jioni ukiiongezea sita hupata 16:30, na saa 3 usiku hupata 9, ambayo usiku huandikwa 21:00. Kabla ya kutuma, mpe mtu mmoja ambaye hajui lolote ausome mwaliko, kisha umwombe akuonyeshe saa hiyo kwenye simu yake. Akisita, andika upya.

Hatua ya tatu: siri iombwe kwa matendo

Neno "siri" peke yake halimfundishi mgeni chochote. Kila mgeni anaamini kwamba yeye hawezi kuvujisha siri, na wanaoivujisha huwa hawana nia mbaya hata kidogo. Ni dada anayempigia mwenye sherehe asubuhi kumpongeza na kumalizia kwa kusema "tutaonana jioni". Ni jirani anayeegesha gari mbele ya lango. Ni mpwa anayeweka picha ya keki kwenye Status. Kwa hiyo ombi la siri linapaswa kutaja matendo hayo yenyewe, na yasizidi matatu au manne, kwa sababu orodha ndefu haisomwi.

Sisi tuliomba haya: usimpigie simu wala kumwandikia kuhusu Jumamosi hiyo; usiweke picha wala neno lolote mtandaoni mpaka keki ikatwe; gari au pikipiki iachwe barabara ya juu, nyuma ya kanisa, wala si mbele ya nyumba. Ombi la pili lina mpaka wa wakati, na hilo ni muhimu. Ukimkataza mtu picha moja kwa moja atavunja sharti, lakini ukimwambia ni lini ataruhusiwa, atangoja.

Ongeza pia jibu la kumpa mwenye sherehe akiuliza. Shangazi alikuwa ameambiwa kwamba mmoja wa mabinti zake anataka wende naye mjini kuchagua kitambaa cha gomesi, na wageni wote walijua maneno hayo hayo. Kisingizio kiwe kimoja, kiwe cha kawaida, na kisimtie hofu. Nimesikia watu wakitumia ugonjwa wa mtoto au kikao cha mgogoro wa ardhi ili kumfikisha mtu nyumbani haraka, nami naona hilo ni kosa la adabu. Mtu anayeingia kwenye sherehe yake moyo ukienda mbio kwa wasiwasi huchukua muda mrefu kabla ya kuweza kufurahi.

Kuhusu njia ya kutuma, sikuunda kundi la WhatsApp. Kundi lina jina, na jina hilo hutokea juu ya kioo cha simu iliyoachwa mezani, mbele ya mtu usiyemtaka aone. Tena, katika kundi watu huanza kujadiliana, na siku moja mmoja wao ataandika ujumbe huo katika kundi la ukoo ambamo mwenye sherehe naye yumo. Kuufuta hakusaidii sana, kwa kuwa WhatsApp huacha alama kwamba kuna ujumbe uliofutwa, na hiyo yenyewe humfanya mtu aulize. Nilimtumia kila mgeni ujumbe wake peke yake, kwa jina lake. Kwa wageni 35 ilinichukua jioni mbili. Anayeona ni wengi mno anaweza kutumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo humfikia kila mtu kwa faragha, ila akumbuke kwamba haiwafikii wale ambao hawajahifadhi namba yake, na wazee wengi wamo humo.

Wazee tuliwapigia simu. Kwao ombi la siri huja baada ya salamu na habari za nyumbani, na hutolewa kwa heshima ya kuwapa jukumu. Mjomba wa baba yangu, ambaye sote tunamwita jaja, nilimwambia hivi: "Jaja, wewe ndiye tunayekuomba ufunge sherehe kwa sala saa tatu usiku. Naomba hili libaki kati yako na mimi mpaka Jumamosi." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na mwenyewe hajui?" Nilipomhakikishia, akasema, "Basi hata bibi yako sitamwambia mpaka tuwe ndani ya gari." Alitimiza ahadi hiyo.

Hatua ya nne: mwambie anayechelewa pa kwenda

Mialiko mingi huishia kwenye "tafadhali zingatia muda". Hilo halitoshi, kwa sababu atakayechelewa atachelewa tu, na swali la maana ni wapi atakuwa wakati mwenye sherehe anapita. Mwaliko wetu ulisema wazi kwamba baada ya saa 11:15 mtu asije langoni. Asimame kwenye steji ya boda iliyo kando ya barabara kuu, apige simu, na angoje kuitwa.

Aprili ni mwezi wa mvua, na siku hiyo ilinyesha kuanzia saa 9 mchana. Boda ziliacha kubeba watu kwa karibu saa nzima, na wageni saba walikuwa bado njiani lango lilipofungwa. Sita walisimama steji kama walivyoelekezwa. Wa saba, rafiki wa shangazi wa tangu shule, alikuja moja kwa moja, na kijana wa langoni akampitisha nyumba ya jirani, ambaye tulikuwa tumemwomba ruhusa mapema. Nakushauri nawe umwombe jirani yako, maana sentensi moja kwenye mwaliko haiwezi kumzuia kila mtu.

Upande wa pili wa jambo hili ni yule anayemsindikiza mwenye sherehe. Kutoka mjini hadi Bweyogerere kwa barabara ya Jinja, kupitia Nakawa, Banda na Kireka, safari ya Jumamosi jioni haina muda unaoweza kuuapia, na siku ambayo kuna mechi katika uwanja wa Namboole magari husimama kabisa. Kwa hiyo chunguza ratiba ya uwanja kabla ya kuchagua tarehe, kisha mpe msindikizaji mahali pa kusubiri karibu na nyumbani. Wetu alisimama Kireka kununua mananasi, na kutoka hapo alituma neno moja tu kwenye simu yangu: "nanasi". Maana yake ilikuwa kwamba zimebaki dakika 15. Kama wageni wangekuwa hawajatulia, ningemjibu kwa neno "ndizi", naye angeendelea kununua.

Hatua ya tano: saa ya kufunga iandikwe kwa heshima, kisha ratiba iitii

Hapa ndipo watu wengi huona aibu. Kwetu, kumwambia mgeni saa ya kuondoka huonekana kama kumfukuza kabla hajafika. Lakini mgeni mwenyewe anaihitaji saa hiyo kuliko wewe: anayetoka Mukono apange usafiri, mama mwenye mtoto mdogo ajue atamwacha na nani, na mwenye ibada ya asubuhi Jumapili ajue atalala lini. Pia wapo majirani. Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 zilihesabu usiku kuanzia saa 4, yaani 22:00, na tangu hapo kiwango cha kelele kinachoruhusiwa penye makazi hushuka. Kufunga saa 3 hukuachia saa nzima ya kuaga watu, kurudisha viti na kuzima muziki bila kugombana na mtu.

Adabu iko katika kitenzi. Usiandike "wageni wataondoka saa 3" wala "mwisho saa 3". Andika kwamba sherehe itafungwa kwa sala saa tatu usiku, na sababu iwe karibu yake. Sala, au neno la shukrani la mzee ikiwa nyumba si ya kusali pamoja, humaliza sherehe bila mtu yeyote kuonekana ametimuliwa.

Ila maneno hayo hayatakuwa na nguvu kama ratiba yako inayapinga. Hakuna mgeni anayeondoka kabla ya chakula, na wachache huondoka kabla ya keki. Ukikata keki saa 2:45, umefuta saa yako ya kufunga kwa mkono wako mwenyewe. Tulipakua chakula saa 12:30, keki ikakatwa saa 1:30, hotuba zikaanza saa 2 zikiwa tatu tu, na jaja akasimama saa 2:50. Msema chochote alikuwa na saa hizo kwenye karatasi, na aliitaja saa ya kufunga mara mbili kwa upole: mara ya kwanza chakula kilipokwisha, na mara ya pili kabla ya hotuba ya mwisho.

Mwaliko wenyewe

Huu ndio ujumbe niliotuma siku 10 kabla. Mapema zaidi siri huchoka, na kuchelewa zaidi watu huwa wamekwisha kuahidi kwingine. Waliotoka mbali, kama Mbale na Arua, walipigiwa simu wiki tatu kabla.

> Ndugu yetu mpendwa,
>
> Kwa heshima tunakualika katika sherehe ya kushtukiza ya shangazi yetu, anayetimiza miaka 60. Yeye hajui lolote.
>
> Siku ni Jumamosi, tarehe 18 Aprili, nyumbani kwake Bweyogerere.
>
> Tafadhali fika saa kumi na nusu jioni, yaani 16:30 kwa saa ya simu. Lango litafungwa saa kumi na moja na robo, yaani 17:15. Ukichelewa, tafadhali usije langoni. Simama kwenye steji ya boda iliyo barabara kuu, unipigie simu, nasi tutakufuata.
>
> Ili tusimharibie furaha yake, tunaomba usimpigie wala kumwandikia kuhusu siku hiyo, usiweke picha mtandaoni mpaka keki ikatwe, na uache gari barabara ya juu nyuma ya kanisa. Akikuuliza, yeye na binti yake wanakwenda mjini kuchagua kitambaa cha gomesi.
>
> Sherehe itafungwa kwa sala saa tatu usiku, yaani 21:00, ili wanaotoka mbali wapate usafiri na majirani wapumzike.
>
> Tunaomba pia asimwagiwe maji.
>
> Nijibu mimi peke yangu kabla ya Jumapili, ukitaja idadi ya watu utakaokuja nao.

Sentensi ya maji naieleza kidogo. Desturi ya kummwagia maji anayeadhimisha siku ya kuzaliwa imeenea sana nchini, na kwa vijana ni sehemu ya furaha. Kwa mama aliyevaa nguo nzuri, katika sebule yenye nyaya za spika sakafuni, haifai, na vijana hawatajua mpaka waambiwe. Kama mwenye sherehe wako anaipenda, futa sentensi hiyo na uandae uani.

Ombi la kujibiwa "mimi peke yangu" nalo lina kazi. Bila hilo, wengine hujibu kupitia mtu wa nyumbani, na mara nyingi mtu huyo hutumia simu mbele ya mwenye sherehe.

Siku tatu kabla, na asubuhi yenyewe

Jumatano tuma ukumbusho mfupi wenye mambo matatu tu, usirudie mwaliko wote: saa ya kufika kwa namna zote mbili, mahali pa kuacha gari, na ombi la kutompigia simu. Jumamosi asubuhi tuma mstari mmoja: "Leo, saa kumi na nusu jioni, 16:30. Tafadhali mpongeze baada ya kumwona." Mstari huo wa asubuhi ndio unaomzuia yule dada wa "tutaonana jioni", kwa kuwa unamfikia saa ileile anapoishika simu ili ampongeze.

Keki ikishakatwa, msema chochote atangaze kwamba sasa picha zinaruhusiwa. Kwetu simu zilitoka mifukoni kwa pamoja, na shangazi alicheka kuliko alivyocheka alipoingia, akauliza ni nani aliyeweza kuwanyamazisha watu 35 kwa siku kumi.